Uzi: Kila ukurasa unajibu swali gani? Kuandika maswali pambizoni, mfano Azimio la Arusha

#1 Pambizo_Pana (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nina dai naomba lijadiliwe. Andiko refu halijasomwa mpaka kila ukurasa uwe na swali moja pambizoni, na ukurasa huo ndio uwe jibu lake. Sizungumzii muhtasari wala kupaka rangi mistari. Nazungumzia swali fupi kwa penseli, la kuhoji kama alivyohoji Sokrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, lisilozidi maneno kumi na mawili.

Ninavyofanya ni hivi. Nausoma ukurasa mzima nikiwa sijashika penseli. Naufunika kwa kipande cha manila. Kisha najiuliza: mwandishi alikuwa anamjibu nani hapa, na huyo mtu aliuliza nini? Hapo ndipo naandika. Nikifika mwisho nayanakili maswali yote kwenye karatasi moja ya kaunta buku, mpangilio uleule, bila majibu. Hoja yote inakuwa imekaa kwenye ukurasa mmoja wa maswali.

Tuchukue Azimio la Arusha, Sehemu ya Tatu, ile ya siasa ya kujitegemea, kwa sababu wengi wetu tunayo nakala. Pale linapozungumzia misaada na mikopo ya nje, wengi wanaandika pambizoni: "Kwa nini mikopo ya nje ni hatari kwa uhuru wetu?" Mimi nasema swali hilo limeharibika kabla wino haujakauka, maana jibu limeshakaa ndani yake. Ukirudi baada ya mwezi huna cha kukumbuka, swali limekwisha kukuambia. Bora: "Tukizipokea fedha za nje, nini kitabadilika kwetu?"

Ninachotaka kujua kwenu ni kwa nini maswali ya mtu mmoja yanabaki hai baada ya mwezi, na ya mwingine yanakuwa maneno tu pembeni ya karatasi. Nawasilisha.

#2 Kaunta_Buku

Mkuu, hili si jambo geni. Linaitwa mtindo wa Cornell, na amelianzisha Sokrates. Unapiga mstari wima upande wa kushoto, maswali yanakaa huko, maelezo kulia, na muhtasari chini.

#3 Mzee_wa_Fahirisi

#2, nusu uko sawa. Mtindo wa Cornell umetoka Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, kwa mwalimu Walter Pauk, miaka ya 1950. Safu ya kushoto aliipa inchi mbili na nusu, kama sentimita sita na kidogo. Sokrates alifariki mwaka 399 kabla ya Kristo na hakuacha maandishi hata ukurasa mmoja. Tunayoyajua kwake tumeyapata kwa wengine, Plato hasa.

Tofauti yenyewe ina uzito. Cornell unaandika pembeni ya maelezo yako mwenyewe uliyochukua darasani. Mwanzisha uzi anaandika pembeni ya maneno ya mwandishi. Kwenye maelezo yako umeshachuja, kwa hiyo swali linakuja kirahisi. Kwenye andiko la mtu hujachuja chochote, na hapo ndipo watu wanapokwama.

#4 Mwl_Mbagala

Asante kwa mada. Kwa uzoefu wa kutunga mitihani, maswali yaanze na mepesi ya kukumbuka, yafuate ya kuelewa, mwisho ya kutathmini. Kwa Azimio: Taja vitu vinne vinavyohitajika ili tuendelee. Eleza kila kimoja. Jadili umuhimu wake leo. Alama 2, 8, 20.

#5 Pambizo_Pana

Mwalimu, shikamoo. Nadhani tumepishana kidogo. Swali la mtihani linampima msomaji. Swali ninalolitafuta linamhusu mwandishi: ukurasa huu uliandikwa ili kujibu nini? "Taja vitu vinne" halijulishi kwa nini vinne, wala kwa nini hivyo.

#6 Mwl_Mbagala

Marahaba. Lakini mwanafunzi asiyeweza kuvitaja, hilo "kwa nini" lako atalitundika wapi?

#7 Binti_Kigamboni

Mwalimu ana hoja, ila tuutumie mfano wake huohuo, kwa sababu ndio unaoonyesha tatizo vizuri.

Kila mtu anaijua ile orodha: watu, ardhi, siasa safi, uongozi bora. Ukigeuza orodha kuwa swali unapata "Ili tuendelee tunahitaji nini?" Jibu lake ni kasuku. Sasa iangalie orodha kwa jicho la mtu aliyetoka kusoma kurasa zilizotangulia. Kurasa hizo zimesimulia mbunge anayesimama kuuliza habari ya maji jimboni kwake, mwingine barabara, mwingine shule, mwingine hospitali, na mtumishi naye anadai mshahara wake uongezwe. Wote wanachoomba ni kimoja tu, fedha. Kisha inakuja orodha ya vitu vinne na fedha haimo!

Kwa hiyo swali la ukurasa ule ni: "Mbona fedha haimo kwenye orodha?" Neno "fedha" halitajwi katika vile vinne, lakini kutokuwepo kwake ndiko kunakojibiwa. Mtu aliyegeuza kichwa cha habari kuwa swali hawezi kuliona hili asilani, kwa sababu kichwa kinataja kilichopo.

#8 Penseli_HB

#7 umenena. Kuna njia ya zamani, ya Francis Robinson, mwaka 1946, inayoanza kwa kupitia vichwa vya habari na kuvigeuza maswali KABLA ya kusoma. Kazi yake ni kumwamsha msomaji, na inaiweza. Ila ukiishia hapo, kilichoandikwa pambizoni ni matarajio yako. Ukurasa wenyewe bado hujauuliza unajibu nini.

Mimi hufanya mara mbili. Kabla, kwa penseli nyepesi, swali la kichwa cha habari. Baada ya kusoma nalifuta na kuandika la kweli. Nikiona yote mawili yanafanana kurasa tatu mfululizo, najua nimesinzia na narudi nyuma.

#9 Hashiya

Wakuu, pwani tuna neno la hili. Vitabu vya zamani vya darsa, matini yanakaa katikati, sherehe, yaani maelezo ya ufafanuzi, inayazunguka, na hashiya inakaa ukingoni. Na ndani ya sherehe utakutana na mtindo wa "likisemwa hivi, tutasema vile". Yaani mwandishi mwenyewe anamleta mpinzani na swali lake, halafu anamjibu. Kwa andiko la namna hiyo huna haja ya kubuni, unalihamisha tu swali kutoka ndani kwenda pambizoni.

Azimio limeandikwa kwa mtindo unaokaribiana. Tafuteni maneno haya matatu: "lakini", "hata kama", "ni kweli kwamba". Yakitokea mwanzo wa aya, kuna mtu ameuliza kitu nje ya karatasi.

#10 Binti_Kigamboni

#9 Mungu akubariki, hiyo ya "hata kama" ndiyo ufunguo wa pale penye mikopo. Tuitembee hatua kwa hatua, mnisahihishe. Nitaandika S kwa swali, na nitafuata mwendo wa hoja, maana matoleo yanatofautiana kurasa.

S1. Kama hii ni vita, tumechagua silaha gani?
(Jibu: fedha, silaha tusiyokuwa nayo.)

S2. Nani ametufundisha kutaja fedha kwanza?
(Jibu: wote, mbunge, waziri, mtumishi. Ni mawazo yetu wenyewe.)

S3. Kodi haiwezi kuzileta?
(Jibu: haiwezi kutosha, hata ukiwakamua wenye nazo.)

S4. Basi za nje zitatosha?
(Jibu: misaada, mikopo, mitaji ya watu binafsi. Hapana.)

S5. Hata zikitosha, zitatugharimu nini?
(Jibu: uhuru wa kuamua mambo yetu.)

S6. Mkopo unatumika wapi, na unalipwa na nani?
(Jibu: mjini unatumika, mazao ya mkulima ndiyo yanayoulipa.)

Tazameni S4 na S5. Kwa haraka zinaonekana kitu kimoja, "mikopo ni mibaya", na watu wengi wanaziandikia swali moja. Lakini ni hoja mbili zisizotegemeana. Moja inasema hazipatikani. Nyingine inasema zikipatikana ni hatari. Ukiziunganisha, siku atakayekuja mtu akakuambia "sasa zinapatikana", utadhani Azimio zima limeanguka. Kumbe iliyoguswa ni S4 peke yake, S5 bado imesimama.

#11 Mlinzi_wa_Tarehe

Naongeza tu kwa usahihi, kwa sababu nimeona nakala nyingi watu wameandika juu "lilipitishwa Arusha 5 Februari 1967". Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967. Februari 5 ndiyo siku lilipotangazwa. Kama swali lako la ukurasa wa kwanza linahusu lini, liandike sawasawa.

#12 Kaunta_Buku

Sawa, #3 na #11 mmenisahihisha, nashukuru. Ila bado nauliza: usokratesi uko wapi hapa? Maswali sita ya #10 ni mazuri lakini naona kama katekisimu. Swali, jibu, swali, jibu. Padre anauliza, mtoto anajibu.

#13 Mzee_wa_Fahirisi

Swali zuri kuliko ulilokuja nalo mwanzo. Nitalijibu kwa mfano mmoja wa Plato, kutoka mazungumzo aliyoyaita Meno, kwa jina la mtu.

Sokrates anamwita kijana mtumwa, anamchorea mraba wenye upande wa futi mbili. Eneo lake ni futi nne za mraba. Anamuuliza: nikitaka mraba wenye eneo mara mbili, yaani nane, upande wake uwe na urefu gani? Kijana anasema futi nne, mara mbili ya upande. Wanachora. Eneo linatoka kumi na sita. Kijana anajaribu tatu. Eneo linatoka tisa. Hapo anakiri hajui. Ndipo Sokrates anachora mshazari, ule mstari wa kona kwa kona, na mraba uliojengwa juu ya mshazari huo unatoka nane kamili.

Katika katekisimu, swali la pili lingekuwepo hata kama jibu la kwanza lingekuwa tofauti. Katika Meno haliwezekani. Swali la pili limezaliwa na kushindwa kwa jibu la kwanza. "Kumi na sita ni kubwa mno, basi je?" Kumi na sita isingetoka, swali lisingekuwepo.

Sasa irudieni orodha ya #10. S3 ipo kwa sababu S2 imetuacha tunataka fedha. S4 ipo kwa sababu kodi imeshindwa. Kila swali linatoka kwenye jibu la ukurasa uliotangulia. Kipimo changu ni hiki: chukua swali lolote, ufute lililolitangulia. Kama halijaumia, si la Sokrates. Limechukuliwa kwenye kichwa cha habari.

#14 Pambizo_Pana

#13, basi swali la ukurasa wa sita tulitafute mwisho wa ukurasa wa tano?

#15 Mzee_wa_Fahirisi

Ndiyo. Mimi kabla ya kugeuza ukurasa naandika chini yake, kwa herufi ndogo, kile ambacho mtu mkaidi angeuliza baada ya jibu hilo. Nikigeuza, nalinganisha. Mwandishi akiwa amejibu hilohilo, swali linahamia juu ya ukurasa mpya kama lilivyo. Akiwa amejibu lingine, nayaacha yote mawili, na lile la kwanza nalipigia duara. Duara maana yake halijajibiwa bado. Wakati mwingine linajibiwa kurasa nane mbele, na hapo unaandika "inajibu ile ya uk. 4". Wakati mwingine halijibiwi kabisa, na hilo nalo ni jambo la kulijua kuhusu mwandishi.

#16 Wakili_Kijana

Naomba nilete yangu. Nasoma hukumu za Mahakama ya Rufani, ndefu, na kule majaji wenyewe wanaorodhesha sababu za rufaa mwanzoni, moja mbili tatu. Kwa hiyo maswali yapo tayari, nanakili tu pambizoni namba ya sababu. Je, nahesabika nafanya mbinu hii au nafanya uvivu?

#17 Binti_Kigamboni

Si uvivu, ila angalia kitu kimoja. Sababu za rufaa ni maswali ya mrufani. Mahakama mara nyingine inaziunganisha mbili na kuzijibu pamoja, au inaanza na hoja ya kisheria ambayo hakuna aliyeiweka, kwa mfano kama rufaa yenyewe imeletwa ndani ya muda. Kurasa hizo hazijibu sababu namba moja wala mbili. Ukizibandika namba kwa nguvu, ndipo unapojikuta unasema mahakama "imekataa sababu ya tatu" kumbe haikuigusa.

#18 Wakili_Kijana

Hilo limenigusa. Natenganisha, safu moja namba ya sababu, safu nyingine swali la ukurasa.

#19 Fotokopi_Mwenge

Jamani, mnaongea maswali, pambizo lenyewe liko wapi? Vitabu vingi vina sentimita mbili au pungufu. Maneno kumi na mawili hayaingii hapo.

Fanyeni hivi. Nenda bandani, mwambie akupunguzie hadi asilimia 80. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Asilimia 80 yake ni 16.8, unabaki na sentimita 4.2 nyeupe. Ongeza na pambizo la asili, tuseme lilikuwa sentimita mbili, sasa ni 1.6. Jumla unapata karibu sentimita 5.8 upande mmoja. Herufi za pointi 12 zinakuwa kama 9.6, bado zinasomeka. Ukishuka asilimia 70 macho yanaanza kuuma.

Kosa linalotokea: mashine nyingine zinaiweka picha katikati zenyewe, ukajikuta na sentimita mbili kushoto na mbili kulia, huna pa kuandika. Mwambie azime hiyo, karatasi ikae kwenye kona ya kioo. Piga ukurasa mmoja kwanza uuone, usikubali apige sitini kwa mpigo. Na upige upande mmoja tu, mgongo ubaki mweupe kwa yale maswali ya duara ya #15.

#20 Penseli_HB

#19 mtu wa kazi. Naongeza: usitumie kalamu ya wino. Katika kila maswali kumi utayabadilisha matatu au manne ukifika mwisho, kwa sababu ukurasa wa ishirini ndio unaokueleza wa tano ulikuwa unajibu nini.

#21 Mpinzani_wa_Ukurasa

Naingia kwa ubishi. Ukurasa ni ajali ya mpiga chapa. Hoja haijui kama karatasi imeisha. #10 mwenyewe amekwepa kurasa, akafuata hoja, akasema matoleo yanatofautiana. Sasa kwa nini mng'ang'anie "kila ukurasa"? Aandike kila hoja inapoanza na swali lake. Kurasa nyingine zitapata mawili, nyingine hazitapata kitu.

#22 Pambizo_Pana

Nang'ang'ania kwa sababu ukurasa unakulazimisha. Ukiachiwa uchague hoja inaanzia wapi, utachagua pale ulipoelewa. Ile sehemu ngumu katikati itapita bila swali, na hutaona kwamba imepita. Ukurasa mtupu unakushtaki.

#23 Mpinzani_wa_Ukurasa

Na ukurasa ambao kweli ni mfano tu, au marudio? Utaubunia swali?

#24 Pambizo_Pana

Hapana. Naandika mshale kurudi nyuma, "bado S6". Maana yake nimeusoma na nimeona haujibu jipya. Hiyo si sawa na kuuacha mtupu.

#25 Mpinzani_wa_Ukurasa

Sijaridhika. Mtu mwenye haraka ataweka mishale kila mahali na atajiona msomi.

#26 Hashiya

Nyote wawili mna haki na sioni mwisho wa hilo. Hata walioandika hashiya walifuata neno katika matini, wala si ukurasa, lakini walilazimika kuzibana ziingie ukingoni mwa ukurasa uliopo.

#27 Mwl_Mbagala

Nimerudi, nimesoma yote. Nakubali kuhusu vitu vinne, S ya Binti ni bora kuliko yangu. Lakini nawauliza nyie mnaoisifu mbinu: inafanya kazi kwa sababu ya swali, au kwa sababu tu mtu anafunika karatasi na kujikumbusha? Nikimwambia mwanafunzi afunike na aandike anachokumbuka bila swali lolote, si atapata faida ileile?

#28 Mzee_wa_Fahirisi

Kuna utafiti unaokupa nguvu, Mwalimu. Roediger na Karpicke, 2006. Wanafunzi walisoma kifungu kifupi. Kundi moja likakirudia kusoma, jingine likakiandika kwa kukumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojikumbusha asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Na pale hapakuwa na swali la Sokrates wala nini, ni kukumbuka tupu.

Kwa hiyo sehemu ya faida ni kufunika karatasi. Hilo sitalikana.

#29 Binti_Kigamboni

Lakini utafiti huo unapima kukumbuka yaliyosemwa. Haupimi kujua yalisemwa kumjibu nani. Mwanafalsafa Collingwood, kwenye tawasifu yake ya 1939, alishikilia kwamba huwezi kujua sentensi ina maana gani mpaka ujue ni jibu la swali gani. Chukua pale Azimio linaposema tumetilia mkazo mno viwanda. Mtu anayekumbuka sentensi tu atasema Azimio linapinga viwanda. Mtu mwenye swali pambizoni, "Tuanzie wapi kwa vile tulivyo navyo?", anaona kwamba linazungumzia mahali pa kuanzia: watu na kilimo ndio tulio nao, viwanda vinahitaji fedha tusizo nazo. Wote wawili wamekumbuka. Mmoja amekosea.

#30 Mwl_Mbagala

Na mimi nasema ni ule muda tu. Mtu akikaa dakika sita kwenye ukurasa badala ya mbili, ataelewa, awe na swali au asiwe nalo. Nipeni wanafunzi wawili wenye muda sawa ndipo nitakubali.

#31 Penseli_HB

Haki yake. Kwa kawaida ukurasa mgumu unachukua dakika tano hadi nane kwa njia hii, kurasa ishirini ni kama saa moja na dakika arobaini hadi saa mbili na dakika arobaini. Usomaji wa kawaida usingefika nusu yake.

#32 Kaunta_Buku

Swali la mwisho kutoka kwangu, kwa Mzee. Umesema Sokrates hakuandika. Je, angekubali maswali pambizoni? Karatasi haijibu.

#33 Mzee_wa_Fahirisi

Umefika penyewe. Katika mazungumzo mengine, Faidro, Plato anamfanya Sokrates alalamikie maandishi kwa sababu hiyohiyo. Anayafananisha na picha zilizochorwa: zinasimama kama zina uhai, lakini ukiziuliza zinanyamaza. Na maandishi nayo, ukiyauliza, yanakuambia kitu kilekile siku zote. Kwa hiyo kuna wanaosema tunachofanya hapa si usokratesi kabisa, ni kujiuliza na kujijibu.

Jibu langu, na sidai limemaliza, ni kwamba ndiyo maana zile duara zina kazi. Swali lililojibiwa linaonyesha karatasi ilisema nini. Swali la duara linaonyesha karatasi iliponyamaza. Pambizo lisilo na duara hata moja kwa kurasa ishirini, mimi naliogopa. Ama mwandishi ni mtu wa ajabu, ama msomaji amemwogopa.

#34 Wakili_Kijana

Tupeni duara moja kutoka Azimio, tuione.

#35 Binti_Kigamboni

Baada ya S6. Linaeleza vizuri jinsi mjini panavyoweza kumnyonya mkulima kupitia mkopo: hospitali, lami, umeme viko mjini, mazao ya kulipia yanatoka shamba. Mtu mkaidi angeuliza hapo: "Nani atahesabu mjini pamechukua kiasi gani, na atamwambia nani?" Ukigeuza, andiko linahamia kwa mkulima, kisha kwenye juhudi na maarifa. Linalinganisha saa: mfanyakazi wa mjini anafanya kama saa 45 kwa wiki, na akina mama vijijini saa 12 au 14 kwa siku. Linakwenda hadi jembe dogo na kubwa, plau ya ng'ombe, mbolea. Yote ya maana, lakini swali la nani atahesabu halijaguswa. Nimelipigia duara.

#36 Hashiya

Subiri. Sehemu ya mwisho ina masharti ya viongozi: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hilo si jibu la duara lako? Limekuja mbali tu.

#37 Binti_Kigamboni

Linajibu "kiongozi asiwe nani". Halijibu "nani atahesabu". Ila nakubali liko karibu. Nitaandika "nusu, tazama masharti ya viongozi", duara nitaliacha.

#38 Hashiya

Mimi kwenye nakala yangu nitalifuta.

#39 Fotokopi_Mwenge

Futeni kwa raba laini. Ile ya mwisho wa penseli inachubua karatasi ya fotokopi na wino wa mashine unatoka na neno.